Klasta, kipandauso au maumivu ya mkazo: saa husema zaidi ya upande

Mtu anayeumwa kichwa akifika kliniki, swali la kwanza huwa "kinauma wapi?" naye huonyesha kwa kidole. Swali si baya, ila likibaki peke yake hupotosha. Nusu ya kichwa ikiuma, watu husema ni kipandauso. Kichwa kizima kikiuma, husema ni mawazo. Jicho likiuma, mgonjwa hutumwa kwa daktari wa macho, au kwa daktari wa meno ikiwa maumivu yanashuka kwenye taya. Aina tatu ninazolinganisha hapa, yaani kipandauso, maumivu ya mkazo na klasta, maumivu makali mafupi ya upande wa jicho yanayokuja kwa vipindi, hazina kipimo cha damu kinachozithibitisha. Hata picha ya ubongo hupigwa ili kuhakikisha hakuna kitu kingine. Haiwezi kukuonyesha kipandauso. Kinachozitenganisha ni maelezo ya mgonjwa, na maelezo hayo yana mambo machache tu yenye uzito.

Vigezo vinne

Nitatumia vigezo hivi: shambulio moja hudumu kwa muda gani, hurudi saa ngapi na kwa mpangilio gani, huuma upande gani, na mwili hufanya nini wakati huo, kuanzia macho na pua hadi namna mgonjwa anavyokaa. Kwa maoni yangu muda ndio unaochuja zaidi na upande ndio unaodanganya zaidi. Cha nne, yaani mwenendo wa mgonjwa, ndicho ambacho wengi hawaulizwi kabisa. Mipaka ya muda nitakayoitaja inatoka kwenye uainishaji wa kimataifa wa maumivu ya kichwa, toleo la tatu la mwaka 2018, ambao madaktari wa neva duniani kote huutumia.

Shambulio moja hudumu muda gani

Hesabu muda wa shambulio ambalo halikutibiwa, au ambalo dawa haikulifanyia kitu. Klasta hudumu dakika 15 hadi 180, na mara nyingi huishia kati ya nusu saa na saa moja na nusu. Kipandauso kwa mtu mzima hudumu saa 4 hadi 72. Maumivu ya mkazo yana uwanja mpana mno, dakika 30 hadi siku 7, kwa hiyo kwayo muda peke yake hausemi kitu.

Ona kwamba klasta na kipandauso havikutani: kimoja kinakoma saa ya tatu, kingine kinaanzia saa ya nne. Kichwa kinachouma vibaya sana halafu kikaacha kabisa ndani ya saa moja, kisha kikarudi kesho yake vilevile, si mwenendo wa kipandauso cha mtu mzima. Kwa watoto tahadhari inahitajika, maana kipandauso chao kinaweza kuwa kifupi, hata saa 2. Na mtu akilala na kipandauso akaamka mzima, muda huhesabiwa mpaka alipoamka.

Ufupi wa klasta una mtego wake. Mgonjwa humeza panadoli mbili maumivu yanapoanza, na baada ya dakika hamsini yanatoweka. Anasema panadoli imemsaidia. Kidonge kinahitaji muda kupita tumboni na kuingia kwenye damu, na hadi kifanye kazi vizuri shambulio lilikuwa linaondoka lenyewe. Ndivyo kila dawa, kila mafuta ya kujipaka na kila kikombe cha chai ya tangawizi kinavyopata sifa isiyo yake. Ukimuuliza mgonjwa "dawa gani inakusaidia?", akakutajia sita tofauti na zote zinachukua muda uleule, shuku klasta.

Saa na msimu

Hapa klasta inajitenga kabisa. Hupiga kuanzia mara moja kila siku mbili hadi mara nane kwa siku, na kwa wagonjwa wengi hupiga saa ileile. Saa maarufu ni usiku, takriban saa moja au mbili baada ya kupata usingizi. Mgonjwa anaweza kukuambia kwamba hahitaji kengele, maana saa saba kamili jicho litamwamsha. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya wiki mbili na miezi mitatu, kisha hunyamaza kwa miezi au miaka. Kipindi hicho cha kuumwa nakiita msimu. Wachache hawapati mapumziko: kama kwa mwaka mzima hakuna nafuu, au nafuu haifiki miezi mitatu, hiyo ni klasta sugu.

Mpangilio huu una sababu ndani ya ubongo. Mwaka 1998 watafiti wa London walipiga picha za ubongo wa wagonjwa wakiwa katikati ya shambulio, wakaona shughuli imeongezeka kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayoendesha saa ya mwili, usingizi na homoni. Haijamaliza maswali yote, lakini inaeleza kwa nini maumivu yanafuata ratiba.

Pombe nayo ni kipimo kizuri cha msimu. Ndani ya msimu, bia moja inaweza kuleta shambulio kabla saa haijaisha. Nje ya msimu mtu huyohuyo anakunywa na hapati kitu.

Kipandauso hakina saa maalumu, ila kina vichochezi na dalili za kukaribia. Wanawake wengi hukipata siku zinazozunguka hedhi. Wengine hukipata wakikosa mlo, wakikesha, au wakilala kupita kiasi siku ya mapumziko. Siku moja kabla mtu anaweza kupiga miayo sana, kuchoka au kutamani vyakula fulani. Kwa baadhi, dakika 5 hadi 60 kabla ya maumivu huja mabadiliko ya macho: mistari inayometameta, au doa linalopanuka polepole na kuziba sehemu ya kuona. Kinarudi mara moja au mara kadhaa kwa mwezi. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, angalau nane zikiwa za kipandauso, kwa zaidi ya miezi mitatu, kimekuwa sugu.

Maumivu ya mkazo huanza taratibu, aghalabu mchana unavyosogea, na huongezeka jioni baada ya kazi ya kukaa, kuinama au kukaza macho. Hayamwamshi mtu usingizini kwa kawaida. Yanaweza kuja mara chache kwa mwaka au kila siku.

Upande

Maumivu ya mkazo hushika pande zote mbili, kama mtu aliyefungwa kilemba kwa nguvu: yanabana, hayapigi.

Klasta ni ya upande mmoja daima ndani ya shambulio, ndani ya jicho, juu yake au kwenye kipaji cha upande huo. Tena kwa wagonjwa wengi ni upande uleule, msimu huu na ule uliopita. Wachache huhama upande.

Kipandauso mara nyingi huwa cha upande mmoja, lakini si sharti. Wapo wengi kinaowapiga pande zote mbili, na kwa watoto hilo ndilo la kawaida. Kinaweza kuanza kulia kikahamia kushoto shambulio lilelile likiendelea, na kinaweza kuanzia shingoni. Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mwanamke mwenye kipandauso cha pande mbili, shingo imekaza, anaambiwa ana "stresi" na kupewa dawa za kulegeza misuli kwa miaka. Kwa hiyo upande uwe ushahidi wa nyongeza. Ukiuma upande mmoja, bado hujui ni klasta au kipandauso. Ukiuma pande mbili, klasta imeondoka mezani, lakini kipandauso bado kipo.

Mwili hufanya nini

Kwenye klasta, jicho la upande unaouma huwa jekundu na kutoa machozi. Tundu la pua la upande huohuo huziba au kuchuruzika. Kope la juu linaweza kulegea, mboni ikawa ndogo kuliko ya upande wa pili, na jasho likatoka usoni. Hutokea kwa sababu neva inayobeba hisia za uso, ikichokozwa sana, huamsha neva nyingine zinazoendesha tezi za machozi na mishipa ya pua. Pua inayoziba ndiyo inayowapeleka wagonjwa kwenye matibabu ya sainasi. Ila mafua ya sainasi hayaji saa saba usiku na kuondoka saa nane.

Na mgonjwa wa klasta hakai. Anasimama, anatembea uani, anajipigapiga kichwa, anasukuma jicho kwa ngumi. Mgonjwa wa kipandauso ni kinyume chake: anafunga pazia, anajilaza, hataki hata mtu apite karibu, kwa sababu kupanda ngazi tu kunamwongezea maumivu yanayopiga kama mapigo ya moyo. Ana kichefuchefu au anatapika, na mwanga na kelele vinamuudhi. Wa maumivu ya mkazo anaendelea na kazi, amekunja uso. Hatapiki. Huenda mwanga ukamuudhi, au kelele, lakini si vyote viwili.

Kwa kipandauso kuna maswali matatu mafupi yanayotumika kliniki: je, ukiumwa unapata kichefuchefu? Mwanga unakuudhi? Katika miezi mitatu iliyopita, kichwa kimekuzuia kufanya shughuli zako angalau siku moja? Mawili yakijibiwa ndiyo, kipandauso ndicho kinachotazamiwa zaidi.

Nani hupata kipi

Maumivu ya mkazo humpata karibu kila mtu. Kipandauso huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, aghalabu kikianza ujana, na mara nyingi mama au dada anacho pia. Klasta ni adimu, takriban mtu mmoja kati ya elfu moja. Huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, wanaume ni wengi zaidi, na wengi wao ni wavutaji sigara. Usiitumie takwimu hii kumfungia mlango mwanamke: wapo wenye klasta, na ndio wanaocheleweshwa zaidi kwa sababu kila mtu amekwisha kuamua ni kipandauso.

Kisa kimoja, hatua kwa hatua

Nimekiunganisha kutokana na visa vya kawaida. Fundi seremala wa Morogoro, miaka 36, anakuja na mkewe. Ana wiki tatu haumwi mchana wala halali usiku. Duka la dawa lilimpa dawa ya malaria mara mbili. Presha yake ilikuwa 138 kwa 86, akaambiwa huenda ndiyo sababu. Presha ya kiwango hicho haiumizi kichwa, na homa hakuwa nayo.

"Kinaanza saa ngapi?"

"Saa saba, daktari. Kama nimelala saa tano na nusu, saa saba ananiamsha huyu hapa." Anagusa jicho la kulia.

"Na kinaacha?"

"Kabla ya saa nane. Halafu nabaki nimechoka tu, lakini sina maumivu kabisa."

Mkewe ndiye aliyeleta la maana zaidi. "Daktari, mimi nikiumwa kichwa najifungia ndani, sitaki taa, natapika. Huyu anazunguka nje kama amepoteza kitu. Jicho linakuwa jekundu, kope linashuka, nikimwambia alale ananijia juu."

Kwa sentensi hizo mke ameeleza magonjwa mawili: la mumewe, na la kwake ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nalo lilistahili miadi yake.

Kisha yakaja ya zamani. Miaka miwili nyuma fundi alipatwa na hali hii kwa wiki sita. Alipewa antibiotiki za sainasi, hazikufaa. Akang'olewa jino la juu kulia katika wiki ya tano, na wiki moja baadaye maumivu yakaisha. Kwa miaka miwili aliamini jino ndilo lililokuwa na shida, mpaka maumivu yaliporudi mahali palepale na jino halipo. Msimu wa klasta hujiishia wenyewe, na yeyote aliyetibu mwishoni mwake hupata sifa.

Tupime sasa. Muda ni dakika hamsini, ndani ya 15 hadi 180. Mpangilio ni kila usiku saa ileile, msimu wa wiki sita, kisha mapumziko ya miaka miwili. Upande ni kulia, misimu yote. Mwili: jicho jekundu, kope kulegea, kutotulia. Na bia mbili za Jumamosi zilimletea shambulio la alasiri ambalo si la kawaida yake. Vigezo vimetimia. Bado daktari alitazama macho na kupima msukumo wake, alilinganisha mboni, alipima nguvu za mikono na miguu, na aliomba picha ya MRI, kwa kuwa mara chache uvimbe karibu na tezi ya pituitari huiga klasta.

Vinapochanganyika

Maisha hayapangiki kama vigezo. Mtu anaweza kuwa na kipandauso mara mbili kwa mwezi na maumivu ya mkazo siku nyingine. Hapo kila shambulio lihesabiwe peke yake. Usitafute jina moja la vyote. Baadhi ya wenye kipandauso hutokwa machozi pia, ila kwa kawaida macho yote mawili, na bado shambulio ni la saa nyingi.

Kuna pia maumivu yanayofanana na klasta lakini mafupi zaidi, dakika 2 hadi 30 na zaidi ya mara tano kwa siku. Hayo huisha kabisa kwa dawa ya indomethasini, ndiyo maana kuhesabu dakika si usumbufu wa bure. Yakiwa ya sekunde tu, kama shoti ya umeme kwenye shavu au taya ukipiga mswaki, ni ugonjwa mwingine wa neva ya uso.

Linaloharibu ulinganisho wote ni vidonge vyenyewe. Panadoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, au vidonge vyenye mchanganyiko na kafeini siku 10 au zaidi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huanza kuuma kila siku kwa sababu ya dawa. Sura ya ugonjwa wa asili inafutika, na haionekani tena mpaka dawa zipunguzwe kwa mwongozo wa daktari.

Ufanye nini, kwa hali yako

Yapo maumivu ambayo hayasubiri ulinganisho wowote: yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja, yenye homa na shingo ngumu, yenye udhaifu wa upande mmoja, kuchanganyikiwa au degedege, yaliyoanza baada ya kuumia kichwa, na yaliyoanza kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyepita miaka 50. Mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye kichwa kikali na kuona ukungu aende hospitali saa hiyohiyo. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na kichwa kinachozidi kwa siku au wiki apimwe homa ya uti wa mgongo. Na jicho jekundu linalouma, linaloona ukungu au duara za rangi kwenye taa, huku mtu akitapika, linaweza kuwa presha ya macho. Hilo huharibu jicho ndani ya saa chache. Kope lililolegea na mboni ndogo vikitokea mara ya kwanza pamoja na maumivu ya shingo, usijitibu kama klasta.

Kama hujui uko wapi, andika kwa wiki nne: saa ya kuanza, saa ya kuisha, upande, jicho na pua vilikuwaje, ulilala au ulitembea, ulimeza nini. Mwombe anayelala nawe akupige picha ya uso wakati wa shambulio.

Kama kichwa kinabana pande zote na unaendelea na kazi, hutapiki na hakikuamshi, huenda ni mkazo. Panadoli gramu moja au ibuprofeni miligramu 400, ikiwa huna vidonda vya tumbo, shida ya figo wala ujauzito, hutosha kwa siku chache za mwezi. Yakiwa ya mara kwa mara, amitriptilini ya dozi ndogo usiku, iliyoandikwa na daktari, inafaa kuliko kuongeza panadoli.

Kama unajifungia gizani kwa saa nyingi na tumbo linachafuka, chukua njia ya kipandauso hata kama unaumwa pande mbili. Dawa ya maumivu imezwe mapema, dozi kamili, pamoja na ya kuzuia kutapika ikihitajika. Ukisubiri kizidi, tumbo husimama na kidonge hakinyonywi. Mashambulio yakizidi manne kwa mwezi au yakikuangusha, uliza kuhusu dawa ya kuzuia kama propranololo. Mwenye pumu asiitumie.

Kama unatembea uani usiku na jicho moja linatoa machozi, omba rufaa kwa daktari wa neva na mwambie wazi unashuku klasta. Acha pombe mpaka msimu upite. Vidonge vya kawaida viko polepole mno kwa shambulio hili. Kinachokata ni sindano ya sumatriptani miligramu 6 chini ya ngozi, isiyofaa kwa mwenye ugonjwa wa moyo, au oksijeni safi lita 12 hadi 15 kwa dakika kwa dakika 15, mtu akiwa amekaa. Dawa ya kuzuia msimu ni verapamili, nayo huhitaji kipimo cha moyo, yaani ECG, kabla na kila dozi inapopandishwa. Kwa oksijeni, angalia vifaa: mashine ndogo inayochuja hewa hutoa takriban lita 5 kwa dakika, haitoshi, na mirija ya puani haifai. Unahitaji mtungi wenye mita inayofika lita 15 na barakoa yenye mfuko. Ukijaribu oksijeni ukaona haikusaidia, uliza kwanza ilikuwa lita ngapi.